Wote wanaitikia "ndiyo", kisha hakuna anayejua la kufanya

Mwalimu Mshauri, shikamoo.

Nina miezi minne tangu nianze kufundisha. Darasa langu lina wanafunzi 46 wa miaka 10 na 11. Wiki iliyopita tulikuwa na somo la kukadiria na kupima urefu. Niligawa rula, kisha nikasema maneno haya, ambayo nilikuwa nimeyaandika kwenye andalio la somo: "Mkae wawili wawili, mfungue madaftari, mchore jedwali la safu nne, mkadirie urefu wa kalamu, kitabu na dawati, kisha mpime kwa rula, muandike na mtafute tofauti, lakini msipime kabla hamjakadiria, na mkimaliza mbadilishane madaftari na wenzenu wa nyuma." Nikauliza, "Mmeelewa?" Wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!"

Dakika moja haikupita, mikono zaidi ya 10 ilikuwa juu: "Mwalimu, tufanye nini?" Wengine walishaanza kupima. Wengine walikuwa bado wanapamba jedwali. Nilirudia maelekezo mara nne, kila mara kwa sauti ya juu zaidi. Nilipokusanya madaftari nikakuta karibu kila mwanafunzi kadirio lake linalingana na kipimo, hadi milimita.

Mkuu wa taaluma alikuwa amekaa nyuma akinitazama. Aliniambia hawanisikilizi kwa sababu hawaniogopi. Mwalimu mwingine ananishauri niyakate maelekezo hatua kwa hatua, lakini mkuu anasema huko ni kuwatafunia watoto, na kwamba umri huo wanatakiwa kushika yote kwa mara moja. Sitaki kuwa mwalimu wa kutisha, wala sitaki kuwadumaza. Na kipindi ni dakika 40 tu. Nifanyeje?

Mimi, Mwalimu Mpya

JIBU

Marahaba, mwalimu mwenzangu.

Nianze na jambo ulilolitaja kwa kupita: makadirio yaliyolingana na vipimo hadi milimita. Hakuna mtoto anayekadiria dawati kwa macho akapatia mpaka milimita, sembuse darasa zima. Walipima kwanza, kisha wakarudi kujaza safu ya kadirio ili jedwali lisibaki na pengo. Sioni ukaidi hapo. Naona watoto waliotaka kazi yao ionekane kamili, wakashika yale waliyoweza kuyashika. Madaftari hayo yanakuonyesha ni agizo gani lilipotea, na ndilo agizo ambalo somo lote lililitegemea.

Sasa hesabu nami ulichowaomba. Kukaa wawili, kufungua daftari, kuchora jedwali, kukadiria, kupima, kuandika, kutafuta tofauti, kutopima mapema, kubadilishana madaftari. Ni mambo tisa, na ndani yake mna vitu vitatu vya kupima na safu nne za kuchora. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba akili ya mtu hushikilia kwa muda mfupi vitu kama 7 hivi, vikizidi au kupungua viwili. Mwaka 2001 mwenzake Nelson Cowan akaonyesha kwamba ukizuia mbinu za kujirudiarudia na kuunganisha vitu, idadi hiyo inakaribia 4. Hao ni watu wazima. Mtoto wa miaka 10 ana nafasi ndogo zaidi, na sehemu ya nafasi hiyo tayari imechukuliwa na kumtafuta mwenzake na kupekua begi. Kwa hiyo mkuu wako anaposema wanatakiwa kushika yote kwa mara moja, ningemwomba kwa heshima ayarudie yeye mambo hayo tisa kwa mpangilio bila kutazama andalio lako.

Tazama pia namna sentensi yenyewe ilivyojengwa, maana Kiswahili kina mtego wake hapa. Mkae, mfungue, mchore, mkadirie, mpime: vitenzi vyote vinaanza na kuishia kwa sauti zilezile, na mtoto wa kiti cha nyuma anasikia mfululizo mmoja usio na vituo. Halafu kati ya "mpime" na "msipime" kuna silabi moja tu, "si". Darasa likiwa na sauti za viti na rula, silabi hiyo humezwa, na agizo linageuka kinyume chake. Ukaongeza "kabla hamjakadiria", yaani ulitaja kwanza jambo la baadaye, kisha jambo la mwanzo. Msikilizaji ilimbidi aipindue sentensi kichwani ndipo apate mpangilio, wakati wewe umeshaingia kwenye kubadilishana madaftari.

Dawa yake ni nyepesi kuliko unavyofikiri. Sema matendo kwa mpangilio uleule yatakavyofanywa, na badala ya kukataza, taja la kufanya: "Kadirieni kwa macho. Andikeni kadirio." Kisha nyamaza. Ukitumia amri fupi, "fungueni, chukueni, andikeni", kila moja inasimama peke yake na ina mwisho unaosikika.

Ila kwa somo lako hata sentensi nzuri isingetosha, kwa sababu rula zilikuwa mikononi mwao tayari. Mtoto mwenye rula na kalamu mezani atapima, hata kama amekusikia vizuri. Hivyo rula ingebaki kwako mpaka makadirio yameandikwa. Kifaa kikitolewa kwa wakati wake, chenyewe kinatoa maelekezo, nawe huna haja ya kusema "msipime" hata mara moja.

Kuhusu ukali, nakuomba uulizie upya wazo kwamba hawakukusikiliza. Walikaa, wakaitikia, wakachora majedwali, wakanyoosha mikono kuuliza. Darasa linalokuogopa lingefanya yote hayo isipokuwa la mwisho. Mikono isingeinuliwa, kila mmoja angechungulia daftari la jirani, na wewe ungetembea katikati ya ukimya ukidhani mambo yanakwenda. Ungebaki na makosa yaleyale huku umepoteza dalili ya kuyajua. Hata hivyo mkuu wako anaweza kuwa ameona kitu cha kweli akakipa jina lisilo lake. Je, ulianza kuongea wakati bado wanapokea rula? Kama ndivyo, maneno yako mawili matatu ya kwanza hayakufika kwa wengi. Kusimama mahali pamoja, kusema "kalamu chini, macho kwangu", na kusubiri mpaka kalamu ya mwisho iwe chini si ukali. Ni kuhakikisha kuna wa kukusikia kabla hujaongea. Kuwasubiri mara ya kwanza kutaonekana kurefu sana kwako, lakini wakishazoea kwamba huongei juu ya kelele, muda huo hupungua.

Sasa njia zilizo mbele yako. Naziona tatu, na kila moja ina gharama yake.

Ya kwanza ni kuandika hatua ubaoni kabla ya kipindi na kuzisoma nao moja moja. Mtoto aliyesahau anatazama ubao badala ya kukuita, na kwa darasa la wanafunzi 46 huo ni msaada mkubwa. Hatari yake ni kwamba wasomaji wepesi watakukimbia mpaka hatua ya mwisho ukiwa bado kwenye ya kwanza, na wale wanaosoma kwa shida watarudi kumtazama jirani. Ukiichagua, andika kila hatua kwa maneno matatu au manne tu, na ufunike au uache kuandika zile ambazo hutaki zianze.

Ya pili ni kuwaendesha pamoja: unasema hatua moja, wote wanaifanya, unatazama, unasema inayofuata. Hii ndiyo aliyokushauri mwenzako. Inafaa sana pale ambapo mpangilio wenyewe ndio somo, kama kukadiria kabla ya kupima. Gharama yake ni kusubiri. Waliomaliza watachoka, nao wakichoka wataanza mazungumzo, na ukiendelea hivi kila siku kwa kila kazi watajifunza kutofanya lolote mpaka useme. Hapo hofu ya mkuu wako kuhusu kuwatafunia ina msingi.

Ya tatu ni kuonyesha badala ya kueleza. Unaita wanafunzi wawili mbele, wanafanya mfano mmoja kamili huku wengine wakitazama. Nilipoanza kazi sikuiamini njia hii. Nilifikiri inakula muda, nikawa naeleza kwa dakika 5 jambo ambalo jozi moja ingelionyesha kwa dakika moja. Udhaifu wake ni kwamba watoto huiga mfano pamoja na majibu yake. Ukionyesha kwa kalamu, utakuta darasa zima limeandika urefu wa kalamu yako. Kwa hiyo chukua kitu kisichokuwa kwenye kazi yao.

Huhitaji kuifunga ndoa na mojawapo. Hebu tulichukue somo lako lilelile nione ningelipitishaje, nawe utasema linakaa vipi na darasa unalolijua wewe.

Kwanza, usiku ule wa maandalizi, ningeifanya kazi mwenyewe kwa rula ileile watakayotumia. Hapo ningegundua jambo ambalo andalio halikulitaja: rula ya kawaida ya shule ina sentimita 30, na dawati ni refu kuliko hapo. Kulipima kunataka kuweka alama mahali rula ilipoishia, kuisogeza, na kujumlisha. Hiyo ni kazi nyingine iliyojificha ndani ya neno moja, "mpime". Ningeliondoa dawati kwenye mzunguko wa kwanza.

Darasani, rula ziko mezani kwangu. "Kaeni wawili wawili." Wanahama, nasubiri. Kuhama kuje kabla ya maelekezo ya kazi, maana maneno yatakayotangulia yatamwagika njiani. Wakishatulia: "Fungueni madaftari. Chora jedwali kama hili." Jedwali liko ubaoni: kitu, kadirio, kipimo, tofauti. Natoa dakika 3 na kuisema saa ya mwisho, na napita katikati ya madawati kutazama mikono. Sitazami usafi wa mistari, natazama kama safu ni nne.

Kisha naita jozi moja mbele na kifutio cha ubao. "Kadirieni urefu wake kwa macho." Wanasema sentimita 20. Naandika 20 chini ya kadirio. Ndipo nawapa rula. Wanapata sentimita 15. Naandika 15, naandika tofauti 5, na nasema wazi kwamba 20 inabaki kama ilivyo, haifutwi, kwa kuwa kazi ya leo ni kuona jicho linakosea kwa kiasi gani. Sentensi hiyo moja ya sababu inastahili nafasi yake. Bila hiyo, mtoto mwenye bidii ataona 20 ni kosa na atalisahihisha.

Halafu: "Kalamu na kitabu. Andikeni makadirio tu. Mkimaliza, mmoja wenu ainue daftari juu." Madaftari yanapoinuliwa naona kwa mbali nani ana namba mbili kwenye safu ya pili na safu ya tatu ikiwa tupu. Jozi iliyofanya hivyo inapata rula. Tazama kilichotokea: waliomaliza hawasubiri wenzao, na hakuna anayeweza kupima bila kukadiria. Maelekezo yamegawanyika, lakini darasa halijasimamishwa. Kwa makisio yangu mpaka hapo utakuwa umetumia dakika kama 12 kati ya 40. Kurudia maelekezo mara nne, kisha kupita dawati kwa dawati kuyarudia tena, hakukukuachia nafuu zaidi ya hiyo.

Kubadilishana madaftari ningekuweka mwisho kabisa, na nisingekutaja mpaka wakati wake ufike.

Sasa lile swali lako la "Mmeelewa?" Naomba ulitazame kwa upande wa mtoto. Darasa likiitikia kwa pamoja, "ndiyo" ni jibu la adabu, kama kuitikia salamu. Anayesema "hapana" anajitoa mbele ya wenzake 45. Zaidi ya hapo, wapo wanaoamini kwa dhati kwamba wameelewa, mpaka mkono ugusapo karatasi. Swali linalokupa habari ni lile lisiloweza kujibiwa kwa "ndiyo". Na liulize pale palipo na hatari ya kukosea, si kila mahali. Katika somo lako pako pawili tu: "Utaandika nini kwanza, kadirio au kipimo?" na "Ukiona kadirio lako limekosea, utafanya nini?" La pili ndilo lenye thamani zaidi, kwa sababu jibu lake haliko kwenye maneno yako. Mtoto analazimika kulitoa kwenye maana ya kazi.

Baada ya kuuliza, subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi miaka ya 1970, alikuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu baada ya swali kabla ya kuongea tena, na kwamba wakifikisha sekunde 3 au zaidi, majibu huwa marefu na wanaojibu huongezeka. Hesabu kimoyomoyo mpaka tatu huku ukitazama nyuso. Kisha ndipo utaje jina. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine 45 wamepumzika.

Utaje jina la nani? Hapa kuna mtego ambao hata walimu wa miaka mingi tunauingia. Tunamwomba aliyenyoosha mkono ayarudie maelekezo, anayarudia vizuri, tunaridhika. Tumejua kwamba mwanafunzi bora ameelewa, jambo tulilolijua tangu mwanzo. Jibu la mtoto wa katikati ya darasa, ambaye si mwepesi wala si mzito, linakuonyesha zaidi wengi wamefika wapi. Ila muulize kwa namna ambayo kukosea kwake hakutamwaibisha: "Hebu tuone kama nilieleza vizuri. Kwanza tunaandika nini?" Akikosea, kosa ni la maelezo yako, na huo ni ukweli. Yule anayehangaika sana nisingemsimamisha. Ningepita kwenye dawati lake katika nusu dakika ya kwanza ya kazi.

Nusu dakika hiyo ina majibu kuliko maswali yote. Tulia mahali unapowaona wote, usimsaidie mtu bado. Shingo zinazogeukia daftari la jirani, kalamu zisizogusa karatasi, anayefungua kitabu kurasa hii na ile: hao hawajui waanzie wapi. Wakiwa wawili watatu, waendee kimya kimya. Wakiwa kama robo ya darasa, simamisha kazi, "kalamu chini", na useme upya ile hatua moja iliyopotea. Useme kwa maneno yaleyale ya mwanzo. Ulipoyarudia mara nne, nadhani kila mara uliyabadilisha kidogo ukitafuta njia bora ya kueleza. Aliyeelewa mara ya kwanza akisikia maneno mapya hudhani ni agizo jipya, naye anaanza kuuliza. Ndiyo maana mikono huongezeka kadiri mwalimu anavyofafanua.

Limebaki lile la kuwadumaza. Hofu hiyo ni halali, lakini ichunguze tena: je, ni lazima uchague kati ya hatua moja moja na tisa kwa pamoja? Kazi ambayo wameshaizoea haihitaji kukatwa. "Kaeni wawili wawili na mchore jedwali" leo ni mambo mawili. Wakishachora majedwali mara kadhaa kwa namna ileile, yanakuwa jambo moja kichwani mwao, na nafasi inapatikana ya kuongeza la tatu. Unaweza kuanza kipya kwa hatua moja moja, kisha ukaunganisha mbili, kisha tatu zikiwa ubaoni, kisha ukawaachia ubao peke yake bila sauti yako. Kasi ya kuunganisha utaijua kutokana na ile nusu dakika ya kwanza, wala umri pekee hautakuambia. Kwa wanafunzi wakubwa, maswali ya kuhakiki kila hatua huwachukiza, na wana haki. Kwao mfano mmoja mzuri mara nyingi unatosha.

Kwa mkuu wako wa taaluma, sina hakika kwamba kubishana naye juu ya kuogopwa kutakusaidia. Uamuzi ni wako, unamjua kuliko mimi. Pengine ungemkaribisha akae tena nyuma, ukamwomba kazi ndogo: baada ya kusema "anzeni", atazame saa, na sekunde 30 zikitimia ahesabu kalamu zinazoandika. Afanye hivyo kwenye kipindi cha maelekezo marefu na kwenye kipindi cha hatua fupi, kisha mkae mzilinganishe namba hizo mbili. Inawezekana akaona kitu ambacho mimi na wewe hatujakiona, na kama akikiona, niandikie tena. Ningependa pia kujua rula ziliondoka mezani kwako dakika ya ngapi, na dawati mlilipimaje.